Uzi: Namrekodia mpwa wangu asiyeona sura ya uchumi yenye grafu na fomula, nimekwama. Naombeni msaada

MjombaWaChikongola

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Mpwa wangu yuko kidato cha tano, anasoma historia, jiografia na uchumi. Haoni tangu akiwa na miaka miwili. Nukta nundu anasoma vizuri tu, ila kitabu cha uchumi walichonacho ni hiki cha kawaida cha wino. Rafiki yake anayemsomea akifika kwenye mchoro anasema "hapa kuna grafu", anaruka. Fomula anazisoma herufi kwa herufi kama anataja namba ya gari.

Likizo hii nikasema nimrekodie mwenyewe kwenye simu, kwa Kiswahili, sura ya mahitaji, ugavi na unyumbufu. Najua mtihani ni wa Kiingereza, msianze na hilo. Maneno ya Kiingereza anayo, kinachomshinda ni kuona kitu gani kinasukuma kitu gani.

Nimerekodi dakika arobaini. Jana nikampima. Nikamuuliza, pweza wakipanda bei pale feri itakuwaje? Akasema mahitaji yatapungua. Vizuri. Na mahitaji yakipungua? Bei itashuka. Na bei ikishuka? Mahitaji yatapanda. Akanyamaza kidogo, akacheka: "Mjomba, sasa hii bei itatulia lini?"

Sikuwa na jibu. Nimesikiliza rekodi yangu upya, kila sentensi niliyosema iko kitabuni. Nimekosea wapi?

Kibarua_Ligula

Mkuu, notisi za uchumi kidato cha tano na sita ninazo zote kwenye faili moja, zimechapwa safi, grafu za rangi. 5,000 tu nakurushia.

MjombaWaChikongola

Grafu za rangi, ndugu yangu? Soma tena mstari wa pili.

SeremalaWaShangani

Mimi naona unajisumbua na nadharia. Eleza picha kama ilivyo, basi. Sema kuna mstari umesimama, umeandikwa bei. Kuna mstari umelala, umeandikwa kiasi. Halafu kuna mstari wa mahitaji unatoka juu kushoto unateremka hadi chini kulia, na wa ugavi unatoka chini kushoto unapanda hadi juu kulia. Vinakutana katikati, hapo ndipo penye bei ya soko. Mtu asiyeona kushoto na kulia anavijua, juu na chini anavijua. Mimi fundi wangu mmoja haoni jicho moja na vipimo anashika kuliko wote.

Mitwero_Leo

Seremala, nusu umepata. Mimi sioni kabisa, nilisoma hadi chuo, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Ukinipa picha kwanza, napata umbo la mistari miwili iliyopishana kama mkasi. Nimeshika mkasi, lakini sijui unakata nini. Nilikaa muhula mzima naweza kusema "unateremka kutoka kushoto kwenda kulia" kama kasuku, na mwalimu ananipa vema. Siku moja akauliza, ukisogea kulia unafanya nini? Nikasema natembea. Darasa likacheka. Jibu lilikuwa kwamba bei inashuka na watu wananunua zaidi.

Kwa hiyo anza na uhusiano kwa namba, umbo lije nyuma. Na neno "kama unavyoona hapo" ulifute kwenye rekodi, najua umelisema.

MjombaWaChikongola

Nimelisema mara sita. Nimehesabu sasa hivi.

MwalimuMstaafu_Newala

Kijana, shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kosa lako nimelikuta kwa wanafunzi wenye macho mawili mazima. Ni la neno moja: mahitaji.

Kitabu kina vitu viwili hapo na wewe umeviita jina moja. Cha kwanza ni mahitaji yenyewe, yaani orodha nzima: kwa bei hii watu wako tayari na wana uwezo wa kununua kiasi hiki, kwa bei ile kiasi kile, hadi mwisho. Cha pili ni kiasi kinachohitajiwa, ambacho ni namba moja tu kwenye orodha hiyo, kwa bei moja. Bei ya pweza ikipanda, kinachopungua ni kiasi kinachohitajiwa. Orodha haijaguswa. Ulipomwambia mtoto "mahitaji yatapungua" akaelewa orodha imechanika, na orodha ikichanika ni kweli bei itashuka. Mantiki yake ni sawasawa, umemlisha neno bovu.

Kiswahili nacho kinatuongezea mtego. Nyumbani tukisema mahitaji tunamaanisha chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mtoto mwenye njaa asiye na shilingi ana mahitaji kwa maana hiyo, lakini kwenye grafu hayumo. Ndiyo maana maneno "yuko tayari na ana uwezo" yasidondoke kwenye rekodi hata kama yanaonekana marefu.

Mimi ningerekodi hivi. Chukua mfano wowote, namba za kubuni, ila uushike huohuo sura nzima:

```
Qd = 100 - 10P
Qs = -20 + 20P
```

P ni bei ya kilo moja ya pweza kwa maelfu ya shilingi. Qd ni kilo ambazo wanunuzi wanazitaka kwa siku, Qs ni kilo ambazo wavuvi wanazileta. Usimsomee "kyu di sawa na mia toa kumi pi" ukaishia hapo. Mwambie: "Pweza wangekuwa wa bure, wanunuzi wangechukua kilo 100. Kila elfu moja inayoongezeka kwenye bei inawaondolea kilo 10. Kwa bei ya 2,000 wanataka 80. Kwa 4,000 wanataka 60. Kwa 6,000 wanataka 40. Kwa 10,000 hakuna anayenunua." Halafu wavuvi: "Kwa bei ya 1,000 hakuna anayeingia majini. Kutoka hapo, kila elfu moja inayoongezeka inaleta kilo 20 zaidi. Kwa 4,000 wanaleta 60. Kwa 6,000 wanaleta 100."

Nyamaza sekunde tano. Ukimpa nafasi, mwenyewe atakwambia kwamba kwa 4,000 zinazotakiwa na zinazoletwa ni 60 kwa 60. Jibu la "itatulia lini" ndilo hilo. Kwa 6,000 zinaletwa 100 na zinanunuliwa 40, kilo 60 zinabaki mezani, muuzaji anashusha. Bei inashuka kwa sababu ya mzigo uliobaki, wala orodha ya wanunuzi haijaguswa.

MkoroshoMkongwe

Mwalimu, kwa heshima zote, hiyo sheria ya bei ikipanda watu wanapunguza kununua huku kwetu Tandahimba haifanyi kazi. Msimu wa 2017 korosho ilifika hadi elfu nne kwa kilo mnadani na wanunuzi walikuwa wanapigana vikumbo. Msimu uliofuata walikuja na bei ya chini, tukagoma kuuza, serikali ikatangaza kununua kwa 3,300. Sasa kama sheria ni kweli, ilitakiwa bei ikiwa chini wagombanie, ikiwa juu wakimbie. Sisi tuliona kinyume chake.

MwalimuMstaafu_Newala

Mzee mwenzangu, hoja yako ndiyo sehemu ya pili ya rekodi, ahsante kwa kuileta.

Ulichokiona ni orodha yenyewe kuhama. Mnunuzi wa korosho ghafi anaipeleka India au Vietnam. Kule wakitaka zaidi, kwa kila bei unayoweza kuitaja anataka tani nyingi kuliko mwaka jana. Kisichoihamisha ni bei yake peke yake, bei haiwezi kuhamisha orodha yake mwenyewe.

Turudi kwa pweza wa Mjomba ili mtoto asichanganyikiwe na korosho. Sikukuu imefika, mji umejaa wageni. Kwa kila bei, wanunuzi wanataka kilo 30 zaidi ya jana. Kwa 4,000 walitaka 60, leo wanataka 90, ila wavuvi bado wanaleta 60. Upungufu wa kilo 30. Bei inapanda. Inapanda hadi wapi? Kwa 5,000 wanunuzi wapya wanataka 80, na wavuvi kwa 5,000 wanaleta 80. Imetulia. Angalia sasa: bei imepanda na kilo zilizouzwa zimepanda, na hakuna sheria iliyovunjika. Mtu aliyeangalia kutoka nje ataona kama wewe ulivyoona mnadani.

Kwenye rekodi utumie vitenzi viwili na usivichanganye hata mara moja. Bei ikibadilika, *tunatembea* juu ya orodha. Kitu kingine kikibadilika, kipato, idadi ya watu, bei ya samaki wengine, orodha *inahama*.

MkoroshoMkongwe

Nimekuelewa kwa wanunuzi. Kwa upande wetu wakulima bado. Mkorosho ukishazaa umezaa. Ukinipa 2,000 gunia ni lilelile, ukinipa 4,000 ni lilelile. Hiyo "bei ikipanda analeta zaidi" mimi naleta kutoka wapi, nikaombe kwa jirani?

BintiHesabu

Babu hapo umewapiga chenga. Ndani ya msimu mmoja ugavi wa korosho ni mstari uliosimama wima kabisa, kiasi hakijali bei. Miaka ikipita ndiyo unalala kidogo kidogo, kwa sababu bei nzuri leo inamfanya mtu apande miche na apulizie salfa vizuri.

Na hapa ndipo naona hatari kubwa kwa Mjomba. Neno "mkali" au "umesimama" likisikika kwa sikio, mtu anafikiri ni nguvu kubwa: bei ikigusa kidogo, kiasi kinaruka. Kumbe ni kinyume. Kwa sababu bei imewekwa kwenye mhimili wa wima, mstari uliosimama maana yake kiasi hakisogei sana hata bei ikipanda mno. Mstari uliolala ndio wenye wanunuzi wepesi kukimbia. Kwenye hesabu tumezoea kisababishi kukaa chini, mhimili wa mlalo, na matokeo kwenye wima. Wachumi wamegeuza, desturi iliyoenezwa na Alfred Marshall, Mwingereza, kwenye kitabu chake cha 1890.

Tena usije ukasema "mteremko wa mstari wa mahitaji ni hasi kumi" kwa sababu umeona 10 kwenye fomula. Ile kumi ni kilo zinazopungua kwa kila elfu moja. Kwenye grafu mteremko unasomwa upande wa pili: kwa kila kilo moja zaidi, bei inashuka shilingi 100, yaani hasi 0.1 ya elfu. Mtoto akiambiwa hasi kumi atachora ukuta.

MjombaWaChikongola

Nimesema hasi kumi. Na nimesema "mkali".

Sasa fomula ya unyumbufu, yaani kiasi kinaitikia vipi bei ikibadilika. Hii hapa:

```
Ed = (ΔQ / ΔP) × (P / Q)
```

Nimeisoma hivi: "kiasi ni badiliko la kiasi, asili ni badiliko la bei, mara kiasi bei, asili kiasi." Sasa nikijisikiliza mwenyewe sielewi.

BintiHesabu

Hahaha! "Asili kiasi"! Kaka, shule ya msingi sehemu ina kiasi juu na asili chini, na wewe kwenye uchumi kiasi ni kilo. Umetumia neno moja kwa kazi mbili ndani ya pumzi moja. Acha kabisa kiasi na asili, tumia "gawanya kwa".

Na mabano hayasikiki. Ukisoma mfululizo hajui wapi pa kusimama. Yageuze kuwa hatua: "Chukua badiliko la kiasi, ligawanye kwa badiliko la bei. Jibu liweke kando. Sasa chukua bei ya mwanzo, igawanye kwa kiasi cha mwanzo. Zidisha majibu hayo mawili." Angalia kiasi kiko juu mara ya kwanza na chini mara ya pili. Hapo ndipo wote huteleza, kwa hiyo mpe namba ajipime. Bei kutoka 4 kwenda 5, kilo kutoka 60 kwenda 50. Hasi kumi gawanya kwa moja ni hasi kumi. Nne gawanya kwa sitini ni 0.067. Zidisha: hasi 0.67. Akigeuza ile ya pili atapata hasi 150, na atajua mwenyewe kuna kitu kimeungua.

SeremalaWaShangani

Kwa hiyo unyumbufu wa ule mstari wa pweza ni 0.67. Si angeambiwa hivyo tu, sentensi moja?

MwalimuMstaafu_Newala

Hapana, fundi. Mstari huo una unyumbufu tofauti kila mahali, ingawa umenyooka. Bei ikiwa 2,000 ni 0.25, ikiwa 5,000 ni moja kamili, ikiwa 8,000 ni 4. Kilo zinazopungua kwa kila elfu ni zilezile 10, lakini kumi kati ya 80 ni kidogo na kumi kati ya 20 ni nusu ya mzigo. Asiyeona hudhani mstari ulionyooka una tabia moja, na wenye macho hudhani hivyohivyo.

Hata njia ina maana. Kutoka 4,000 kwenda 5,000 umepata 0.67. Rudi kutoka 5,000 kwenda 4,000 kwa fomula hiyohiyo, kilo zinaongezeka asilimia 20 na bei inashuka asilimia 20, unapata moja. Kwa hiyo maneno "ya mwanzo" aliyoyaweka binti si mapambo.

MamaPweza

Nimepita tu, mimi nauza pweza kweli, hizo kilo zenu mia sijawahi kuziona siku moja. Ila hilo la juu na chini nalijua bila fomula. Nikiwa na bei ya chini nikaongeza kidogo, mfukoni inaingia zaidi, wanalalamika wananunua. Nikizidisha, narudi nyumbani na ndoo.

BintiHesabu

Mama, umesema kitabu kizima. Kwa mfano wa Mwalimu: bei 2,000 mapato ya wauzaji wote ni 160,000. Bei 4,000 ni 240,000. Bei 5,000 ni 250,000. Bei 6,000 inarudi 240,000, bei 8,000 ni 160,000. Chini ya 5,000 kupandisha bei kunaongeza mapato, juu ya hapo kunapunguza. Mjomba, weka hii, mpwa wako atajipima nayo.

Kibarua_Ligula

Ila ile alama ya hasi si mnaitupa? Sisi tulifundishwa unyumbufu hauna hasi. Mnaandika hasi 0.67 mara 0.67, mtamchanganya.

MwalimuMstaafu_Newala

Kwa unyumbufu wa bei wengi wanaitupa, kweli, na mimi hapo juu nimeitupa. Lakini sura hiyohiyo kurasa mbili mbele ina unyumbufu wa kipato, na unyumbufu wa bidhaa moja kwa bei ya nyingine. Huko alama ndiyo habari yenyewe. Changu akipanda bei watu wakahamia pweza, jibu ni chanya. Mafuta ya kupikia yakipanda bei watu wakapunguza pweza wa kukaanga, jibu ni hasi. Aliyezoea kutupa alama atazitupa na hizo.

BintiHesabu

Mimi naona abaki nayo tangu mwanzo. Uhusiano ni wa kinyume, hasi inasema hivyo.

Mitwero_Leo

Na mimi naona ukiibakiza kwa sikio unaleta balaa lingine. Ukisema hasi 4 na hasi 0.25, ipi kubwa? Kihesabu hasi 0.25 ndiyo kubwa. Lakini yenye unyumbufu mkubwa ni hasi 4. Nilifeli swali kwa hilo.

Jambo jingine, Mjomba, viambishi. Kiswahili kinakusaidia ukikiacha kisaidie. "Kimepungua" ni kiasi, "imepungua" ni bei, hata usipotaja jina nakufuata. Ila ugavi na mstari vyote ni "umehama", mahitaji na mapato vyote ni "yamepungua". Hapo taja jina kamili kila mara, hata ukichosha. Sikio haliwezi kurudi juu ya ukurasa.

Umbo la grafu, akishazishika namba, mpe kwenye vidole. Kipande cha boksi, uzi wa nyavu, gundi ya mbao. Mihimili miwili uzi mnene, mahitaji uzi mwembamba, ugavi msuke ili mkono uvitofautishe. Fundo mahali vinapokutana. Ukifika kwenye orodha kuhama, usibandue, ongeza uzi wa pili wa mahitaji upande wa kulia ili aguse vyote viwili kwa pamoja.

MjombaWaChikongola

Narudi na mrejesho, siku nne zimepita.

Nimerekodi upya, dakika hamsini na tano. Boksi nimetumia la viatu, uzi nimeomba kwa mvuvi Mikindani. Gundi ilinishinda mara ya kwanza, uzi wa ugavi ukaachia ukalala juu ya mahitaji, akaniuliza hii ni sura ya ngapi.

Nikampima kwa swali lilelile. Pweza wakipanda bei? Akasema: "Wamepanda kwa nini?" Nikamwambia sijui, wamepanda tu. Akasema, "Basi siwezi kujibu, Mjomba. Kama mji umejaa wageni, wanaouzwa wameongezeka. Kama bahari imechafuka wavuvi hawajatoka, wanaouzwa wamepungua. Bei ni ileile imepanda." Halafu akapeleka kidole kwenye fundo, akakisukuma kulia na juu, akakirudisha, akakisukuma kushoto na juu. Hilo la bahari kuchafuka sikulirekodi, amelitoa mwenyewe.

Mteremko bado. Nimemwambia shilingi 100 kwa kila kilo, amekubali, lakini akiulizwa haraka anasema kumi.

Na hasi nimeibakiza, nikaongeza "ukilinganisha, angalia ukubwa wa namba bila alama". Ameniuliza kama ni hivyo kwa nini tumeiweka. Mwalimu, Binti, malizeni hilo, anasubiri rekodi ya unyumbufu wa kipato Jumamosi.

Kibarua_Ligula

Itupeni tu.

BintiHesabu

Ukiitupa Jumamosi utaitafuta Jumapili.